Saa 9 usiku wa Alhamisi

Nilikuwa nasubiri bodaboda getini, saa 10 kasoro usiku, begi miguuni, naenda Mbezi Luis kuwahi basi la Mwanza. Mlinzi wetu, ambaye wote pale tunamwita Afande, alikuwa amekaa kwenye kile kistuli chake kibovu na tochi kaibana kwapani, anaangalia karatasi.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba dada. Samahani, wewe si ndo unafanyaga mahesabu ya watu kazini kwenu?"

Nikamwambia ndio, niko uhasibu, mishahara ndo meza yangu. Akanipa ile karatasi. Ilikuwa slipu yake ya mshahara, kampuni yao ndo imeanza kutoa za kuprinti, zamani walikuwa wanasaini tu kwenye daftari. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja juu kabisa, chini ya jina.

Masaa ya kazi: 45 kwa wiki.

"Hii arobaini na tano ni ya nini?"

Nikaanza kueleza kama ninavyoelezaga watu wapya kazini, kwamba ni masaa ya kawaida ya kisheria, kila mtu anaandikiwa hivyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, mtu mwenye heshima zake, afu akasema:

"Maana mimi naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi. Naanza Jumatatu. Leo Alhamisi. Nimepiga hesabu hapa, hiyo arobaini na tano nimeimaliza saa 9, saa hizi ningekuwa nimelala."

Bodaboda ikafika.

Nilikaa kwenye basi kuanzia Dar mpaka Shinyanga nikiwaza ile sentensi. Sio kwamba sikuijua sheria, naijua, naitumia kila tarehe 25. Kilichonikera ni kwamba nimepita kwenye lile geti usiku miaka mitatu, nikitoka harusini, nikirudi hospitali, na kila mara nimemkuta pale, na haijawahi kunipitia akilini kujumlisha.

## Kosa langu la kwanza

Niseme kabisa kwamba mshahara wake halisi siuandiki hapa. Natumia 195,000 kwa sababu inagawanyika vizuri na haiko mbali sana na ukweli, na kiasi kingine chochote nitakachotaja nimekivuta kwa uwiano huohuo.

Hesabu yenyewe sio ngumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, siku sita, na siku isizidi masaa tisa. Ukitaka kujua saa moja ya mtu ina thamani gani, unachukua mshahara wa msingi wa mwezi unagawa kwa 4.333 upate wiki, afu unagawa kwa 45. Kwa 195,000 inakuja elfu moja kwa saa. Saa ya ovataimu inalipwa isiyopungua mara moja na nusu, kwa hiyo 1,500.

Afande anafanya masaa 12 mara usiku sita, ni 72. Toa 45. Zinabaki 27 kila wiki. Ukizidisha kwa 1,500 unapata 40,500 kwa wiki, na kwa mwezi inafika 175,486.

Soma tena hiyo namba. Ni karibu mshahara mwingine mzima.

Niliifanya kwenye simu nikiwa Mwanza, kwa dada yangu, watoto wanapiga kelele, na hapo ndo nikafanya ujinga ambao mpaka leo unaniuma. Nikazidisha kwa miezi 36. Ikaja zaidi ya milioni sita na laki tatu. Na niliporudi Dar, kabla hata sijapandisha begi juu, nikamwambia.

Hakushangilia. Alinyamaza, akazima tochi, akaiwasha. Kesho yake jioni akanambia amemwambia mama watoto, na mama watoto kasema nyumba yao kule Chanika ina kuta tu, bati zingetosha, na milango.

Mimi mtu wa mahesabu nilimpa mtu bati na milango kwa kuzidisha.

## Siku 60

Nina rafiki yangu wa zamani wa chuo, anawasimamia wafanyakazi kwenye migogoro CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nilimpigia nikiwa na furaha zangu, nikamsomea namba zote. Akacheka kidogo, sio kwa dharau, kama daktari anavyocheka mgonjwa akijiandikia dawa.

"Hesabu yako iko sawa," akasema. "Shida ni kalenda."

Kwenye kanuni za Tume za 2007, mtu aliyefukuzwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro. Mengine yote, ikiwemo madai ya hela kama haya, ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Nje ya hapo unaomba kuongezewa muda, na unatakiwa uwe na sababu nzito, mfano ulikuwa umelazwa. Na nikauliza swali ambalo nadhani kila mtu angeuliza: je, sababu kwamba alikuwa hajui?

"Kutojua sheria sio sababu. Hiyo ndo ya kwanza kukataliwa."

Yaani kadri mtu anavyochelewa kujua ndivyo anavyopoteza zaidi, na asiyejua ni mlinzi, na anayejua ni kampuni. Nilibishana nae kama vile yeye ndo aliyetunga kanuni. Akaniacha nimalize, afu akaniambia kitu kimoja cha maana, kwamba mtu akienda pale anadai miaka mitatu, upande wa pili utaanza na muda na utakaa kwenye muda, na saa zenyewe zinaweza zisiguswe kabisa mpaka kila mtu amechoka. Ushauri wake ulikuwa adai ile miezi miwili ya karibuni, isiyobishaniwa muda, aidai vizuri mpaka shilingi.

Pia akanisahihisha pengine. Nilikuwa nimesahau hela ya usiku, na mimi eti ndo mtu wa mishahara (ofisini kwetu hatuna shifti ya usiku, ndo utetezi wangu). Usiku kisheria unaanza saa 2 usiku unaisha saa 12 asubuhi, na kila saa ndani ya hapo inaongezwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa, na kama saa yenyewe ni ya ovataimu hiyo asilimia 5 inapigwa juu ya kiwango cha ovataimu. Kwa Afande, ukizigawa zile 45 sawasawa kwa usiku sita, inakuja kama 15,924 kwa mwezi. Sio nyingi. Ila hata hiyo kwenye slipu haikuwepo, na kukosekana kwake kunaonesha kitu, maana ukimwajiri mtu wa usiku tu halafu slipu yake haina mstari wa usiku, hilo huwezi kulisingizia bahati mbaya.

Jumla kwa mwezi mmoja, ovataimu na usiku, 191,410. Miezi miwili, 382,820.

Ikabidi nishuke chini getini nikamwambie mtu kwamba milioni sita ni laki tatu na themanini na kitu.

Nilijiandaa maneno siku mbili. Nilipomwambia, akauliza tu, "Kwa hiyo zile zingine wamezila?" Nikasema, zile zingine ni ngumu. Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Si bora ungeanza na hii dada." Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

## Kitabu cha getini

Hapa ndo nilijifunza kitu ambacho sikukijua kabisa, na kilitoka kwake, sio kwangu wala kwa rafiki yangu wa CMA.

Mimi nilidhani ushahidi wa masaa utakuwa tatizo. Mkataba wake ulisema "masaa ya kazi kulingana na lindo", basi, hamna namba. Rafiki yangu akasema hiyo isitutishe, kwanza kwa sababu ile mara moja na nusu ndo sakafu, makubaliano yanaruhusiwa kupanda juu yake na sio kushuka chini, na pili slipu yao wenyewe imeandika 45. Lakini nani atathibitisha kwamba alikuwa pale usiku wote huo?

Afande akaniangalia kama vile nimeuliza nani atathibitisha kwamba bahari ina maji.

"Si OB ipo."

Kama hujawahi kuifungua, OB ni lile daftari kubwa la matukio linalokaa kwenye kibanda cha mlinzi. Sie wapangaji tunalijua kama kile kitabu wageni wanachoandikishwa majina, kumbe wageni wana chao. Hiki kingine ni cha lindo. Nilikaa kwenye kistuli usiku mmoja nikalisoma, mwandiko wake ule wa kulalia kulia, na ni kitabu kinachosomeka kama sala, mistari ileile inarudi. Saa 12:00 jioni nimepokea lindo kutoka kwa mlinzi wa mchana, vifaa: rungu 1, tochi 1, filimbi 1, funguo 3. Saa 1:00 hali shwari. Saa 2:00 hali shwari. Saa 3:00 hali shwari. Gari ya ghorofa ya pili imeingia. Saa 8:40 sapavaiza amepita, na hapo kuna saini ya sapavaiza, kwa kalamu nyekundu. Saa 9:00 hali shwari. Mpaka saa 12:00 asubuhi nimekabidhi lindo, na saini ya rilivu wake.

Kuna usiku mmoja rilivu alichelewa na kukabidhi kumeandikwa saa 2:15 asubuhi. Masaa 14 na robo. Sheria inasema hata kwa ovataimu mtu hapitishwi masaa 12 kwa siku, lakini kwenye OB imeandikwa kwa utulivu tu, kama hali ya hewa.

Niliuliza kwa nini anaandika kila saa. Akasema ni amri ya kampuni, sapavaiza akikuta saa imerukwa unakatwa. Kumbuka hiyo amri, maana itarudi.

Shida ya OB ni kwamba ikijaa inaenda ofisini kwao na hairudi. Ile ya getini ilikuwa na wiki saba ndani. Nikamuuliza kama niipige picha, akaangalia barabarani kwanza, afu akasema piga, usiku si wako. Nikapiga kurasa zote kwa tochi ya simu yangu. Na kuanzia hapo yeye mwenyewe akaanza kupiga kila asubuhi kabla ya kukabidhi, kwa kisimu chake chenye kioo kilichopasuka, picha zenye ukungu ila saini nyekundu inaonekana.

## Barua ya kampuni

Kwanza aliandika kuomba, kwa adabu. Nilimsaidia kuandika, nusu ukurasa, hakuna vitisho. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, na yalikuwa na hoja mbili, na nazitaja kwa sababu kama una ndugu mlinzi hizihizi ndo atapewa.

Hoja ya kwanza: walinzi wako kwenye mfumo wa masaa 12 kwa siku ambao sheria inauruhusu bila ovataimu. Nilishtuka, maana ni kweli huo mfumo upo. Nilienda kuusoma. Upo kwa wale wanaofanya wiki fupi: makubaliano ya maandishi yanaweza kumruhusu mtu kufanya hadi masaa 12 kwa siku bila ovataimu, muda wa kula ukiwa ndani yake. Lakini sentensi inayofuata inasema siku zisizidi tano kwa wiki na masaa ya kawaida yasizidi 45, na ovataimu isizidi masaa 10 kwa wiki. Yaani ni njia ya kumpa mtu siku ndefu chache. Wao walichukua siku ndefu wakaacha chache. Na hayo makubaliano ya maandishi hayakuwepo.

Hii ilinifundisha kwamba barua yenye nusu ya sheria ni hatari kuliko barua isiyo na sheria kabisa, sababu mtu akiiona sheria imetajwa anarudi nyuma. Afande mwenyewe aliponisomea alikuwa ameshakata tamaa. "Wamesema ipo kwenye sheria dada."

Hoja ya pili: mlinzi anapumzika saa moja kila usiku, na pia "inafahamika walinzi hulala lindoni".

Hiyo ya pili niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa.

Mapumziko sio jambo dogo kwenye hesabu. Sheria inampa mtu dakika 60 za kupumzika akishafanya kazi masaa matano mfululizo, na mwajiri halazimiki kulipa huo muda. Ukitoa saa moja kila usiku, 72 zinakuwa 66, ovataimu inashuka kutoka masaa 27 mpaka 21 kwa wiki, na kwa mwezi ni 136,490 badala ya 175,486. Karibu elfu arobaini zinaondoka kila mwezi kwa neno moja, "anapumzika".

Lakini hapohapo sheria ina mlango: kama wakati wa mapumziko unatakiwa ufanye kazi au uwepo tayari kwa kazi, basi unalipwa. Na hapa ndo ile amri ya kuandika kila saa ikarudi. Kampuni iliyomkata mtu hela akiruka mstari wa saa 8 haiwezi kusema saa 8 alikuwa kapumzika. Yuko peke yake getini, hakuna wa kumpokea, anakula akiwa kashika funguo. Mara ngapi nimepiga honi saa 7 usiku nikamkuta anatafuna, anakuja kunifungulia huku anajifuta mkono kwenye suruali. Mimi ni shahidi. Mimi ndo niliyekatisha mapumziko yake.

Kuhusu kulala, alinijibu mwenyewe bila kuulizwa. "Nikilala naandikwa, nikiwa macho siandikwi."

## Kotesheni

Nimeifikia sehemu ambayo ndo imefanya niandike hii makala, zile za juu ningeweza kukaa nazo.

Wapangaji wa jengo letu tuna kamati, na mimi ni mtunza hazina. Siku moja natafuta risiti ya maji kwenye faili nikakutana na kotesheni za kampuni za ulinzi za mwaka ule tulipobadilisha. Zilikuwa tatu. Tulichagua ya chini kabisa, kwa mwandiko wangu mwenyewe pembeni nimeandika "hawa wako poa, tunaokoa".

Kwa uwiano uleule wa 195,000, ile kotesheni ilikuwa inasema laki tatu kwa mlinzi mmoja wa usiku kwa mwezi.

Sasa jumlisha nami. Mshahara wa msingi 195,000. Ovataimu ya shifti tuliyoiagiza sisi wenyewe, 175,486. Hela ya usiku 15,924. Ni 386,410, hapo bado mchango wa NSSF wa mwajiri, bado sare, bado wa kumshikia zamu siku ya ofu, bado kampuni yenyewe haijapata hata senti. Tulikuwa tunalipa laki tatu kwa kitu ambacho kihalali hakiwezi kushuka chini ya 386,000.

Mtu akikuuzia gunia la mchele kwa bei isiyofika hata ya mpunga shambani, wewe mwenyewe unajua kuna mtu kaibiwa mahali. Mimi mhasibu sikujua? Nadhani sikutaka kugawa.

Na ile shifti ndo tuliiandika sisi kwenye barua ya maombi: mlinzi mmoja mchana, mmoja usiku, masaa 12, siku sita. Hamna mahali popote tuliposema masaa 45. Ukiangalia kikomo cha ovataimu chenyewe, ni masaa 50 kwa kila wiki nne, na Afande anafanya 108. Kwa hiyo hata kama kampuni ingelipa kila senti, shifti tuliyoagiza bado ingekuwa nje ya sheria. Sijui kwa nini hilo lilinishika koo kuliko hela.

Nilipeleka kwenye kikao. Nilidhani watu wataguswa. Kaka wa ghorofa ya tatu akauliza kama kuna kampuni nyingine yenye bei hiyohiyo. Mama mmoja, ambaye nampenda sana na ndiye anayempelekea Afande futari kila Ramadhani, akasema, "Lakini alikubali mwenyewe mwanangu, si alisaini." Sikuwa na jibu la haraka. Futari anapeleka kweli, kila siku, kwenye hotpoti.

Tulikubaliana kuomba kotesheni mpya zenye mchanganuo: msingi peke yake, ovataimu peke yake, usiku peke yake. Mpaka sasa imekuja moja.

## Fomu

Afande alichukua muda kuamua. Wiki tatu hivi. Hofu yake haikuwa kufukuzwa, alisema kufukuza ni kelele, wao wanahamisha. Mlinzi msumbufu anapangiwa lindo la mbali, nauli inamla, anaacha mwenyewe. Siwezi kumwambia haitatokea, na wakati huo kila siku inayopita ilikuwa inakula zile 60. Kuna usiku nilitaka kumsukuma. Nikakumbuka bati na milango, nikapanda juu nikalala.

Halafu Jumanne moja asubuhi, katoka lindoni, hajalala, akanambia twende.

Fomu inaitwa CMA F.1. Haina malipo. Unajaza wewe ni nani, mwajiri nani, mgogoro nini, ulianza lini, unataka nini. Watu wengi wanadhani unaipeleka Tume kwanza, kumbe unaanza kumpa mwajiri nakala, apokee kwa saini au muhuri, ndo unapeleka Tume pamoja na uthibitisho kwamba kapokea. Dada wa mapokezi kwenye kampuni yao alisita kugonga muhuri, akaenda ndani, akarudi, akagonga. Afande alisimama muda wote na kofia mkononi. Nje akasema, "Nilidhani ningetetemeka."

Kwenye kile kiboksi cha tarehe mgogoro ulipotokea tulikaa sana. Aliandika tarehe ya mshahara wa kwanza kati ya ile miwili, sio tarehe aliyoanza kazi. Alishika kalamu juu ya hicho kiboksi mpaka nikaangalia pembeni.

Baada ya hapo ni usuluhishi, ambao una siku 30, mnakaa na msuluhishi na mwajiri kwenye chumba. Mimi sikuingia, na yanayosemwa mle yanabaki mle, hivyo siwezi kusimulia. Najua tu aliingia na picha 46 za OB alizoprinti stesheneri kwa hela yake, na alitoka baada ya saa moja na nusu akiwa amesaini laki tatu na ishirini.

Sio 382,820.

Nilimuuliza kwa nini hakusubiri, namba zilikuwa upande wake, angeenda uamuzi angepata yote. Nilisikika kama mtu anayemgombeza, nadhani nilikuwa namgombeza kweli. Akasema, "Dada, wewe unahesabu hela. Mimi nahesabu na siku za kutolala nikija huku." Maana yake kila akiitwa Tume asubuhi ametoka lindoni na jioni anarudi lindoni.

## Slipu mpya

Mwezi uliofuata slipu zilibadilika kwa walinzi wote. Kuna mstari sasa unaitwa ovataimu, na mwingine wa usiku. Afande alinitumia picha wasapu, nikafurahi sekunde kama nne hivi, mpaka nikaangalia chini kabisa.

Jumla ni ileile.

Walichofanya ni kushusha mshahara wa msingi na kuita kilichobaki ovataimu. Sahani ileile ya wali, imegawanywa na kijiko. Na mshahara wa msingi hauwezi kushushwa upande mmoja hivyo bila mtu kukubali, na sekta ya ulinzi binafsi ina kima chake cha chini kwenye amri ya mishahara ya serikali, na ule msingi mpya umepita chini yake. Safari hii kosa wameliandika wenyewe, wameliprinti, na lina tarehe. Rafiki yangu wa CMA aliponiona nimemtumia picha alijibu neno moja tu, "Sitini", akimaanisha siku.

Afande hayupo getini kwetu tena. Alihamishiwa Kigamboni wiki tatu baada ya usuluhishi, kama alivyosema. Anavuka na pantoni. Aliyekuja ni kijana mdogo, mpole, ananiita anti, anaandika OB yake kwa herufi kubwa zote. Sijamwambia kitu bado. Naogopa kuanza na namba isiyo sahihi.

Juzi usiku simu iliita, saa 4 na kitu. Afande. Nikadhani kuna tatizo.

"Dada, samahani kwa muda. Sisi kabla ya kupelekwa lindoni tunaitwa pareti ofisini saa 11 jioni. Unapangwa mstari, unakaguliwa viatu, mpaka gari ije. Ile saa ya pareti, inahesabika?"

Nikamwambia anatakiwa kuwepo, kwa amri yao, hivyo mimi naona ni kazi, lakini nisimpe namba kabla sijauliza.

"Usinipe namba," akasema. "Nishaanza kuiandika."